Kompyuta ya kwantamu na nakala zako za siri: kipi ubadilishe, kipi ukiache

Kama wewe ndiye unayetunza seva ya kliniki, ofisi ya wakili au chama cha akiba na mikopo, bila shaka kila usiku kuna faili linalofungwa na kutumwa kwenye seva nyingine iliyo mbali. Mwongozo huu ni wako. Hauhitaji ujue fizikia. Unahitaji kukumbuka KKS na hesabu za baki za shule ya msingi, na kuweza kuandika amri mbili tatu kwenye terminali.

Tutashughulika na safari moja tu: nakala ya rekodi za wagonjwa inayotumwa kwa SSH. Ndani ya safari hiyo zimo kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya.

Kwanza, kompyuta mbili ambazo hazikuwahi kupeana siri hupatana ufunguo mbele ya yeyote anayesikiliza laini. Hii ndiyo kazi ya usimbaji wa ufunguo wa umma: RSA, Diffie-Hellman, au mikunjo ya eliptiki kama Curve25519. Pili, ufunguo ukishapatikana, data yenyewe husimbwa kwa AES au ChaCha20, ambako ufunguo uleule mmoja hufunga na kufungua.

Kompyuta kubwa ya kwantamu ikikamilika, kazi ya kwanza itavunjika kabisa. Ya pili itapunguzwa nguvu kidogo tu. Ukijua sababu ya tofauti hiyo, hutapoteza muda kubadilisha kisichohitaji kubadilishwa.

Kwa nini ufunguo wa umma huvunjika

Gazeti likikwambia kwamba kompyuta ya kwantamu hujaribu majibu yote kwa wakati mmoja, usiliamini. Ingekuwa hivyo, AES nayo ingekwisha. Ukweli ni kwamba unapoipima mashine hiyo, inakupa jibu moja tu, na kama hukufanya kitu cha ziada, jibu hilo ni la bahati nasibu. Ustadi wote uko katika kuyafanya majibu mabaya yafutane yenyewe kabla hujapima. Hilo huwezekana vizuri pale tu hesabu yenyewe inapokuwa na mzunguko unaojirudia.

Mwaka 1994 Peter Shor, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell nchini Marekani, alionyesha kwamba RSA ina mzunguko wa namna hiyo. Tuuone kwa macho. Usalama wa RSA unategemea ugumu wa kupata namba tasa mbili zilizozidishwa. Chukua 35 ujifanye hujui vigawo vyake. Chagua namba yoyote ndogo, tuseme 2. Izidishe kwa 2 tena na tena, na kila mara gawanya kwa 35 ukiandika baki tu:

```
2, 4, 8, 16, 32, 29, 23, 11, 22, 9, 18, 1
```

Ukiendelea baada ya 1, unarudi 2, 4, 8 na orodha inaanza upya. Mzunguko una hatua 12. Sasa fuata hatua hizi:

1. Gawa 12 kwa 2, upate 6.
2. Tazama baki la sita kwenye orodha: ni 29.
3. Punguza moja, upate 28. Ongeza moja, upate 30.
4. Tafuta KKS ya 28 na 35: ni 7. Tafuta KKS ya 30 na 35: ni 5.

Umeipasua 35 kuwa 5 mara 7 bila kubahatisha kigawo hata kimoja. Kuna nyakati mzunguko hutoka namba witiri, au hatua ya nne hukurudishia 1 na 35 zilezile. Ikiwa hivyo, unachagua namba nyingine ya kuanzia badala ya 2.

Kompyuta ya kawaida inaijua hila hii pia. Inachokwama nacho ni urefu wa orodha. RSA ya biti 2048 hutumia namba yenye tarakimu 617, na mzunguko wake unaweza kuwa mrefu kiasi kwamba hakuna mashine itakayoufikia mwisho kwa kuhesabu hatua moja moja. Kompyuta ya kwantamu haihesabu hatua hizo. Huweka baki zote katika hali ya mchanganyiko, kisha huziacha ziingiliane hadi kila kisichoafikiana na mzunguko kinajifuta. Kipimo kinachobaki hukuonyesha urefu wa mzunguko, na KKS iliyosalia ni kazi ya kompyuta yoyote ya mezani.

Diffie-Hellman na mikunjo ya eliptiki nazo zimesimama juu ya mizunguko kama hiyo. Ndiyo maana kuhama kutoka RSA kwenda Curve25519 hakukuokoi. Kwa hakika funguo za mikunjo ni fupi, na makadirio yanaonyesha kwamba zinahitaji mashine ndogo zaidi kuvunjwa kuliko RSA-2048. Kurefusha ufunguo nako hakusaidii sana: ukiongeza RSA kutoka biti 2048 hadi 4096, kazi ya mshambuliaji huongezeka takriban mara nane, huku seva yako ikizidi kuwa nzito kila siku.

Kwa nini AES hubaki imesimama

AES haina orodha inayojirudia ya kumsaidia mshambuliaji. Imebuniwa kwa makusudi ya kuvuruga biti duru baada ya duru hadi ufunguo usiache alama yoyote ya kufuata. Kinachobaki ni kujaribu funguo zote, na AES-128 ina funguo 2^128.

Hapo ndipo Lov Grover, naye wa maabara ya Bell, alipoingia mwaka 1996. Alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu inaweza kutafuta kitu kimoja ndani ya rundo lisilo na mpangilio kwa hatua zinazokaribia kipeuo cha pili cha idadi ya vitu vyote. Kwa hiyo funguo 2^128 zinahitaji hatua karibu 2^64. Kila hatua huinua uwezekano wa jibu sahihi kidogo, kisha inayofuata huuinua tena. Mwaka 1997 Bennett, Bernstein, Brassard na Vazirani walithibitisha kwamba kwa utafutaji wa upofu namna hii, hakuna mbinu ya kwantamu inayoweza kukimbia kwa kasi kubwa kuliko hiyo. Akitaka kufanya vizuri zaidi, mshambuliaji lazima kwanza apate udhaifu ndani ya AES yenyewe.

Unaweza kuona 2^64 na kuogopa, kwa kuwa kompyuta za kawaida zimeshawahi kuvunja ufunguo wa biti 64. Hapa inabidi twende polepole, maana ndipo watu wengi hujikwaa.

Kompyuta za kawaida hugawana kazi. Ukiwa na mashine milioni moja, kila moja hupewa sehemu yake na kazi huisha mara milioni haraka. Hatua za Grover haziko hivyo. Ni lazima zifuatane ndani ya mashine moja, na huwezi kuchungulia jibu katikati bila kuharibu yote. Tumpe mshambuliaji mashine ya ajabu inayomaliza jaribio zima la AES kwa sehemu moja kati ya milioni ya sekunde. Huo ni ukarimu mkubwa, maana jaribio moja lina hatua nyingi ndogo, na kila moja inahitaji kusahihishwa makosa. Hatua 2^64 kwa kasi hiyo ni takriban miaka 585,000. Mnunulie mashine milioni moja za aina hiyo: kwa Grover, mashine milioni moja huharakisha kazi mara elfu moja tu, yaani kipeuo cha pili cha milioni. Atasubiri miaka 585.

Kwa sababu hiyo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, haijaiondoa AES-128. Ukitaka nafasi kubwa zaidi, tumia AES-256. Huko Grover anakutana na hatua 2^128, na mjadala unaisha. Gharama kwenye seva yako haitaonekana.

> TOFAUTI KWA UFUPI
> Ufunguo wa umma: kuna mzunguko uliofichwa, Shor anaufikia. Dawa ni kubadilisha algorithimu.
> AES na ChaCha20: hakuna mzunguko, Grover anatafuta kwa upofu. Dawa, kama utaona unaihitaji, ni ufunguo wa biti 256.

Mbona nianze leo ilhali mashine haipo?

Kwa sababu trafiki inaweza kurekodiwa leo na kufunguliwa baadaye. Anayenasa mazungumzo yako ya SSH usiku huu anahifadhi pia zile hatua za kupatana ufunguo. Siku akipata mashine ya Shor, anarudi kwenye rekodi hiyo, anapata ufunguo, na data iliyosimbwa kwa AES inafunguka bila AES kuguswa.

Makadirio ya ukubwa wa mashine hiyo yanashuka. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja RSA-2048 kungehitaji kyubiti, yaani biti za kwantamu, milioni 20 zenye makosa ya kawaida, kwa saa 8. Mei 2025 Gidney alirudi na makadirio mapya: chini ya kyubiti milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Mashine zilizopo bado ziko mbali na hapo, lakini ona kwamba kilichoshuka katika miaka hiyo ni hesabu ya kazi yenyewe, na hakuna maabara iliyohitaji kujenga kitu.

Kwa hiyo jiulize miaka mingapi rekodi zako zinapaswa kubaki siri. Majibu ya vipimo vya mgonjwa wa miaka 20 ni siri kwa maisha yake yote. Ripoti ya mahudhurio ya jana haina haraka hiyo. Anza na ya kwanza.

Hatua ya 1: Soma kile SSH inachokwambia

Kwenye kompyuta inayotuma nakala, andika, ukiweka jina na anwani yako:

```
ssh -v mtumiaji@seva exit 2>&1 | grep 'kex:'
```

Kwa mpangilio wa zamani utaona mistari kama hii:

```
debug1: kex: algorithm: curve25519-sha256
debug1: kex: host key algorithm: ssh-ed25519
debug1: kex: server->client cipher: chacha20-poly1305@openssh.com MAC: <implicit> compression: none
```

Mstari wa kwanza ndio tatizo. Ni mapatano ya ufunguo kwa mkunjo wa eliptiki, na anayerekodi leo ataufungua kesho. Mstari wa pili ni sahihi ya seva. Nayo Shor anaiweza, ila anayetaka kughushi sahihi lazima awe na mashine siku hiyohiyo ya kuunganisha. Kurekodi leo hakumsaidii, kwa hiyo mstari huu unaweza kungoja. Wa tatu ni usimbaji wa data kwa ufunguo wa biti 256. Usiuguse.

Unachotaka kukiona kwenye mstari wa kwanza ni jina la mapatano mapya ambayo Shor hayawezi, linaloanza na `mlkem768x25519` au `sntrup761x25519`. Ukiliona, ruka hadi hatua ya 3.

Hatua ya 2: Rekebisha mapatano ya ufunguo

1. Angalia toleo kwa `ssh -V` pande zote mbili. OpenSSH iliweka `sntrup761x25519` kuwa chaguo la kwanza tangu toleo la 9.0 la mwaka 2022, na `mlkem768x25519-sha256` tangu 10.0 la mwaka 2025. Kama unaweza kusasisha mfumo, kwa kawaida hiyo inatosha.

2. Kama una toleo la 8.9, algorithimu imo lakini imewekwa nyuma. Katika SSH, linalochaguliwa ni jina la kwanza kwenye orodha ya mteja ambalo seva nayo inalo. Basi lisogeze mbele katika `~/.ssh/config` ya kompyuta inayotuma:

```
Host nakala seva
    HostName seva
    User mtumiaji
    KexAlgorithms ^sntrup761x25519-sha512@openssh.com
```

3. Kwenye seva, hakikisha hakuna aliyeizuia:

```
sudo sshd -T | grep -i kexalgorithms
```

Hapa ndipo mara nyingi utamkuta mchawi. Fundi aliyepita alinakili orodha ya kuimarisha usalama kutoka mwongozo wa mwaka 2018, akaandika mstari wa `KexAlgorithms` wenye majina machache tu. Siku zile ilikuwa kazi nzuri. Leo mstari huohuo unaifungia nje algorithimu mpya hata baada ya kusasisha kila kitu. Ufute kutoka `/etc/ssh/sshd_config` na mafaili ya `/etc/ssh/sshd_config.d/`, ili orodha ya OpenSSH yenyewe itumike.

4. Kabla ya kuwasha upya huduma, andika `sudo sshd -t`. Isiposema kitu, mpangilio hauna kosa la maandishi. Acha dirisha moja la SSH wazi mpaka uthibitishe kwamba unaweza kuingia upya kwa dirisha la pili.

5. Rudia amri ya hatua ya 1.

ONYO: muunganisho ukiganda. Ufunguo wa umma wa Curve25519 ni baiti 32, wa ML-KEM-768 ni baiti 1184. Ujumbe umenenepa, na kwenye mtandao wenye VPN iliyopangwa vibaya pakiti kubwa hupotea njiani. Dalili ni SSH kuganda kwenye mstari huu bila kutoa kosa:

```
debug1: expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY
```

Jaribu mara moja na `-o KexAlgorithms=curve25519-sha256`. Ikipita, umepata ushahidi kwamba shida ni ukubwa wa pakiti. Punguza MTU ya VPN, kisha uondoe chaguo hilo. Kosa ni kuliacha humo kwa kuwa "sasa inafanya kazi".

Hatua ya 3: Chunguza faili lenyewe

SSH hulinda safari tu. Nakala ikifika, inalala kwenye diski ya seva ya watu, na huko inalindwa na namna ulivyoifunga. Kama unatumia GnuPG, uliza:

```
gpg --list-only --list-packets nakala.tar.gpg
```

Ukiona `:pubkey enc packet:` ikiwa na `algo 1`, ufunguo wa AES wa faili hilo umefungwa ndani ya RSA. `algo 18` ni mkunjo wa eliptiki. Zote mbili ziko kwenye njia ya Shor, hata kama muuzaji alikwambia faili limesimbwa kwa AES-256. Alisema kweli, ila ufunguo wake umewekwa kwenye kisanduku dhaifu kando ya mlango.

Ukiona `:symkey enc packet:` na `cipher 9`, hiyo ni AES-256 inayofunguliwa kwa nenosiri pekee. Hakuna ufunguo wa umma ndani yake.

Kwa nakala ambazo wewe mwenyewe ndiye mtumaji na ndiye mpokeaji, huhitaji ufunguo wa umma hata kidogo. Ukiwa root, tengeneza siri moja ya biti 256 na uitumie moja kwa moja:

```
umask 077
openssl rand -base64 32 > /root/siri-nakala
gpg --batch --pinentry-mode loopback \
    --passphrase-file /root/siri-nakala \
    --symmetric --cipher-algo AES256 nakala.tar
```

Andika siri hiyo kwenye karatasi, iweke kabatini panapofungwa, mbali na seva. Seva ikiungua na siri ikaungua nayo, Grover hatakusaidia wewe pia. Fungua nakala moja kwa kutumia maandishi ya ile karatasi kabla hujaiamini. Herufi kubwa ya I na tarakimu 1 zimeshawatesa wengi.

Usiweke nenosiri la kutungwa kichwani mahali pa siri hii. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa huvunjwa na kompyuta ya kawaida yenye kadi nzuri ya michoro, hata ungeandika AES-256 mara kumi. Ukubwa wa ufunguo unaoandikwa kwenye amri hauna maana kama kilichouzaa kinabahatishika.

Makosa ya kuepuka

*Kutupa kilicho kizima.* Wapo wanaouza "AES ya kwantamu" na algorithimu zao za siri. Unayo AES, inatosha.

*Kutumia algorithimu mpya peke yake.* Mwaka 2022 SIKE, mojawapo ya mbinu zilizofika mbali katika mchujo wa NIST, ilivunjwa na Wouter Castryck na Thomas Decru kwa kompyuta ya kawaida, kiini kimoja cha prosesa, kwa takriban saa moja. Ndiyo maana majina ya hatua ya 1 ni marefu: `mlkem768x25519` ni mbinu mpya na ya zamani pamoja, na mshambuliaji lazima azivunje zote mbili. ML-KEM ilitangazwa rasmi kuwa kiwango Agosti 2024, na mimi bado nisingeitenganisha na mwenzake.

*Kudhani kusasisha kunafuta yaliyopita.* Nakala zilizofungwa kwa RSA zikaibwa mwaka jana zitabaki za RSA. Zile ambazo bado ziko kwenye seva ya kukodi, zifunge upya kwa njia ya hatua ya 3, kisha ufute za zamani.

Orodha ya kukagua

☐ Najua rekodi zipi lazima zibaki siri kwa zaidi ya miaka 10.
☐ `kex: algorithm` inaonyesha `mlkem768x25519` au `sntrup761x25519`.
☐ `sshd -T` haionyeshi orodha iliyobanwa na mtu.
☐ Nakala mpya zinaonyesha `:symkey enc packet:` na `cipher 9`, bila `:pubkey`.
☐ Siri ya nakala imeandikwa nje ya seva, na imeshajaribiwa kufungua faili halisi.
☐ Nakala za zamani za RSA zimefungwa upya, na faili zake za awali zimefutwa.
☐ Nimeweka tarehe ya kurudi kwenye mstari wa `host key algorithm`. Rasimu ya NIST ya Novemba 2024 imependekeza RSA na mikunjo ya eliptiki zisiruhusiwe tena baada ya 2035.